Akaunti Ikigoma Kufunguka: Je, ni Kifaa, Mtandao, Nenosiri au Seva?

Kijitabu cha elimu kwa watumiaji wa huduma za mtandaoni

Siku za mwisho za kutuma maombi ya chuo au ya mkopo, waombaji wengi hukwama kwenye ukurasa wa kuingia. Mtu hujaribu nenosiri mara tano, huomba jipya, huzima simu, hununua bando jingine. Mwishowe hajui kipi kimesaidia, au amejifungia akaunti ambayo tangu mwanzo haikuwa na kasoro.

Tatizo hukaa katika moja ya sehemu nne: kifaa unachotumia, mtandao unaokuunganisha, taarifa zako za kuingia, au seva, yaani kompyuta ya mwenye huduma. Ili kujua ni ipi, jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu.

## Swali la kwanza: Nani amejibu?

Usibonyeze tena. Soma kilichoandikwa kwenye kioo, kwa sababu ujumbe wa kushindwa unaweza kutoka kwenye kivinjari kilichomo ndani ya simu yako, au kutoka kwa seva. Ukibisha hodi na mwenye nyumba akakwambia hakufahamu, angalau umejua yupo na njia ya kufika kwake ni nzima.

Seva imejibu na kukukataa. Ukisoma kwamba jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi, ombi lako limefika na limekaguliwa. Mtandao unapita na seva inafanya kazi. Usinunue bando. Kagua taarifa zako.

Seva imejibu kwamba yenyewe haiwezi. Namba zinazoanza na 5, kama `500`, `502`, `503` na `504`, zinaonyesha hitilafu upande wa huduma. Kubadilisha nenosiri hakutasaidia. Subiri, kisha jaribu baadaye. Namba `429` ni tofauti kidogo: umejaribu mara nyingi mno kwa muda mfupi na umezuiwa kwa muda. Kila jaribio jipya linaweza kuurefusha muda huo.

Kivinjari ndicho kilichojibu. `ERR_INTERNET_DISCONNECTED` maana yake kifaa hakina muunganisho wowote. Angalia data, Wi-Fi na hali ya ndegeni. `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN` maana yake anwani ya tovuti haikupatikana, kwa hiyo kagua kwanza kama umeiandika sawa. `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT` maana yake ombi limetumwa lakini jibu halikurudi. Ujumbe huu wa mwisho hautoshi kutoa hukumu, kwa kuwa kosa linaweza kuwa la mtandao au la seva. Hapo ndipo swali la pili linapohitajika.

## Swali la pili: Nikibadilisha kitu kimoja, jibu linabadilika?

Siri ya jaribio hili ni kubadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Ukibadilisha simu na mtandao kwa pamoja kisha ukafanikiwa, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

1. Badilisha mtandao. Tumia simu ileile na akaunti ileile, lakini zima Wi-Fi na utumie data. Ukiingia, tatizo ni ile Wi-Fi. Wi-Fi za hoteli na vyuo mara nyingi hudai ujisajili kwenye ukurasa wake kabla ya kukuruhusu kutoka nje, na baadhi ya ofisi huzuia tovuti fulani.
2. Badilisha kifaa. Tumia mtandao uleule na akaunti ileile kwenye simu ya mtu unayemwamini. Andika nenosiri mwenyewe, kwenye kichupo fiche, na utoke kwenye akaunti ukimaliza. Ukiingia, tatizo liko kwenye kifaa chako.
3. Badilisha akaunti. Mwombe mwenye akaunti nyingine ya huduma hiyohiyo aingie kwa kifaa chako na mtandao wako. Akiingia yeye nawe ukashindwa, tatizo ni taarifa zako au akaunti yako.

Wote wawili mkikwama, kwenye vifaa viwili na mitandao miwili, mshukiwa mkuu ni seva.

## Mfano wa kufuatilia

Mwombaji wa mkopo anafungua tovuti kwa simu, akiwa kwenye Wi-Fi ya hosteli. Ukurasa wa kuingia unafunguka. Anaandika namba yake na nenosiri, anabonyeza, na ukurasa uleule unarudi ukiwa mtupu, bila ujumbe wa kosa.

Ukurasa umefunguka, hivyo mtandao unapita. Hakuambiwa kwamba nenosiri ni baya, kwa hiyo hana sababu ya kuomba jipya. Anazima Wi-Fi na kutumia data: ukurasa unarudi vilevile. Anawasha Wi-Fi tena na kuingia kwa simu ya mwenzake: akaunti inafunguka. Nenosiri ni sahihi, seva inapokea, na Wi-Fi haina neno. Kimebaki kifaa chake.

Anarudi kwenye simu yake na kufungua kichupo fiche, ambacho hakitumii kumbukumbu za zamani za kivinjari. Anaingia. Sasa amelifikia tatizo lenyewe: vidakuzi vilivyohifadhiwa, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti hutumia kumtambua aliyeingia, vimeharibika au vimepitwa na wakati. Anafuta data za tovuti hiyo peke yake kwenye mipangilio ya kivinjari, na kazi inaendelea. Hakulazimika kuiondoa programu wala kubadilisha nenosiri.

## Dalili zinazodanganya

Saa ya simu. Betri ikiisha kabisa, baadhi ya simu huwaka zikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Kivinjari kitaonyesha `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, na mtu atadhani tovuti imevamiwa. Rekebisha tarehe kwanza. Ikiwa tarehe ni sahihi na onyo bado lipo, usilipuuze wala usiandike nenosiri lako hapo. Saa isiyo sahihi huharibu pia misimbo inayotolewa na programu ya uthibitisho, kwani kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya simu.

Msimbo wa ujumbe mfupi usiofika. Msimbo huo huja kupitia mtandao wa simu, si kupitia intaneti. Unaweza kuwa na Wi-Fi nzuri na usiupokee. Ukiomba mara kadhaa, kwa kawaida wa mwisho tu ndio unaokubalika.

Nenosiri lililohifadhiwa. Kivinjari huweza kujaza nenosiri la zamani bila wewe kugundua, na kibodi ya simu huweza kuweka herufi kubwa mwanzoni au nafasi mwishoni. Futa kilichojazwa, gusa alama ya jicho ili uone unachoandika, na uandike upya. Ukikataliwa mara mbili, acha: huduma nyingi hufunga akaunti baada ya majaribio machache.

Seva inayoyumba. Huduma kubwa huendeshwa na seva nyingi, na moja inaweza kugoma wakati nyingine zinafanya kazi. Mwenzako kuingia mara moja hakuisafishi seva moja kwa moja. Rudia jaribio baada ya dakika chache kabla ya kuhukumu.

## Ukihitaji msaada

Mpe mhudumu mambo manne: maneno kamili ya ujumbe uliouona, saa ulipojaribu, kifaa na mtandao uliotumia, na ulichobadilisha pamoja na matokeo yake. Nenosiri na msimbo wa uthibitisho havimo katika orodha hiyo. Anayeviomba, hata akijitambulisha kuwa mhudumu, kata simu.