Umerudi kutoka ushago? Soma safari yako kabla ya kupanga nyingine

Wengi wetu tukirudi kutoka nyumbani tunajua kitu kimoja tu: pesa ilipita bajeti. Safari inayofuata tunaongeza kidogo "kwa usalama", na pesa inapita tena. Kuongeza bajeti hakuondoi kosa, kunalilipia tu. Leo tuangalie jinsi ya kulitafuta.

Unahitaji vitu viwili

Cha kwanza ni meseji zako za malipo, au taarifa ya miamala unayoweza kuiomba kupitia *334#. Hizo zinakuonyesha kiasi, tarehe, saa na aliyepokea. Hazikuambii kwa nini ulilipa. Kwa hivyo cha pili ni daftari, ambamo kila jioni ya safari unaandika mistari miwili au mitatu: tuliondoka saa ngapi, nini kilichelewa, nani aliomba nini. Andika siku hiyo hiyo, maana baada ya wiki mbili utakumbuka bei na kusahau sababu. Namba yako ya siri usiiandike humo kamwe.

Mfano: Nairobi hadi Birongo

Tuchukue mfano wa mama anayesafiri na watoto wawili kwenda Birongo, Kisii, kwa Krismasi. Alipanga shilingi 12,000: nauli 7,200 kwenda na kurudi, bodaboda mbili kutoka steji hadi nyumbani 300, na manunuzi 4,500. Alitumia 16,316. Hiyo 4,316 ya ziada ilitoka wapi? Akikaa na meseji zake na daftari, anapata mambo manne.

*Nauli ya kurudi, 2,400 zaidi.* Kwenda tarehe 18 Desemba alilipa 1,200 kila mtu. Kurudi tarehe 2 Januari ilikuwa 2,000. Daftari linasema: "Steji imejaa, kila mtu anarudisha watoto kwa ajili ya shule." Shida hapa ni tarehe.

*Bodaboda, 300 zaidi.* Meseji inaonyesha malipo ya 600 saa mbili na dakika ishirini usiku. Daftari linaeleza: "Matatu ilingoja kujaa, tukatoka Nairobi saa saba mchana." Usiku kila bodaboda iliomba 300 badala ya 150. Dawa yake si kutenga 600 kwa boda. Ni kutoka nyumbani asubuhi.

*Ada za kutoa pesa, 116.* Alitoa shilingi 500 kwa wakala mara nne, kila aliposikia sokoni wanataka keshi. Kwa ada za M-Pesa za tangu 2023, kutoa 500 ni shilingi 29, na kutoa 2,000 kwa mkupuo pia ni 29. Angelipa mara moja, angeokoa 87. Bila shaka kubeba keshi nyingi kuna hatari yake, kwa hivyo toa ile ya manunuzi ya siku mbili tatu tu, si yote.

*Michango, 1,500.* Matanga ya jirani na harambee ya karo. Anaiita dharura, lakini akifungua meseji za Aprili anaona alituma 1,000 kwa sababu kama hiyo. Kinachojirudia kila safari si dharura tena. Kinahitaji mstari wake kwenye bajeti.

Sasa andika mpango mpya

Kando ya kila tofauti andika neno moja: *badilisha* au *tenga*. Tarehe, saa ya kuondoka na namna ya kutoa pesa unaweza kubadilisha. Michango unatenga.

Mama wetu akirudi tarehe 28 Desemba, kabla ya msongamano, anaweza kutarajia nauli ya 7,200 kama alivyopanga. Boda 300, ada 29, michango 1,500, manunuzi 4,500. Jumla ni 13,529. Ni zaidi ya bajeti ya kwanza, lakini ni pungufu ya alichotumia kwa 2,787. Na kama kazi haimruhusu kurudi mapema, basi anajua mapema kwamba tarehe hiyo ina bei yake: atenge 2,400 zaidi.

Jambo moja la kuangalia: safari moja si sheria. Nauli ya Desemba haikuambii nauli ya Aprili, na mvua ya siku moja inaweza kupandisha boda hata mchana. Ndiyo maana usitupe daftari. Ukishakuwa na safari mbili za msimu mmoja, ziweke kando kwa kando uone kilichojirudia. Hicho ndicho cha kushughulikia kwanza.

Kama umerudi juzi, meseji bado ziko kwenye simu. Anza na malipo yaliyokushangaza zaidi, tazama saa yake, kisha jiulize: kabla ya saa hiyo, nini kilikuwa kimechelewa?