Dondoo muhimu: Muhtasari wa upembuzi yakinifu

Muhtasari huandikwa mwisho, lakini uamuzi unaoombwa hukaa sentensi ya kwanza. Katika mradi wa kahawa, waandishi wengi huanza na historia ya kahawa Kagera, jambo ambalo mkurugenzi wa Bukoba analijua tangu utotoni.

Tuseme chama cha ushirika cha Muleba kinafikiria kujenga kiwanda chake cha kukoboa kahawa ya maganda, badala ya kuisafirisha hadi Bukoba mjini. Ripoti ina kurasa 90. Gharama za kudumu ni shilingi milioni 120 kwa mwaka, na kila kilo ya maganda ikikobolewa hapo inabakiza shilingi 150. Ukigawanya, kiwanda kinahitaji tani 800 ili kisipate hasara. Mavuno ya kawaida ya chama ni tani 1,100, ila mwaka mbaya hushuka hadi 650.

Hapo ndipo penye uamuzi, na ndipo ripoti nyingi hukosea: huweka wastani mbele, na kuuficha mwaka mbaya kwenye viambatisho. Muhtasari mzuri ungesema: “Tunaomba bodi iidhinishe ujenzi, kwa sharti kwamba vyama jirani vitie saini kwanza kuleta tani 200 kila msimu. Bila mikataba hiyo, mwaka mbaya utaleta hasara ya takribani shilingi milioni 22.5.”

Ukurasa mmoja unatosha. Kila tarakimu ifuatwe na namba ya ukurasa ilikotoka, kisha mtu asiyeshiriki kuandika azilinganishe na ripoti. Sura ya fedha ikirekebishwa dakika za mwisho, muhtasari mara nyingi hubaki na hesabu za zamani.