Kipimo kipi cha intaneti niamini?

Swali: Nina faiba ya Mbps 100 hapa Dar es Salaam. Speedtest inasoma 95, M-Lab 45. Nani mkweli?

Jibu: Wote. Speedtest huchagua seva ya jirani, pengine ya kampuni yako yenyewe, na kufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo. Kipimo kikuu cha M-Lab hutumia mmoja tu. Muunganisho hutuma kiasi fulani, kisha husubiri uthibitisho. Kiasi hicho kikiwa megabiti 8, na seva iko Ulaya, milisekunde 160 kwenda na kurudi, hauvuki Mbps 50. Minne ingeijaza laini yako. Kwenye Speedtest chagua “Single”, kisha pima kwa seva ya jirani na ya mbali. Namba ikishuka huko tu, laini ni nzima. Ikishuka hata kwa jirani, pigia kampuni.