Chakula Kikwamapo Kifuani

Mvuvi wa Diani na achukuliwe kuwa mfano. Yapata miaka miwili sasa, kila alapo sima huhisi tonge limesimama kifuani, na maji nayo humkwama vivyo hivyo. Usiku akilala, chakula cha jioni humrudia kinywani jinsi alivyokimeza, bila uchungu wa nyongo, naye hukohoa hata mto ukalowa. Mwili umekonda, na jirani hudhani ni kifua kikuu.

Ugonjwa huu huitwa akalesia. Umio, yaani njia ya chakula, huwa na misuli isukumayo tonge chini, na mwishoni pana msuli mfano wa mlango, ambao hulegea mtu amezapo. Mishipa ya fahamu iamrishayo misuli hiyo ikifa, msukumo hukoma na mlango hukataa kulegea. Basi chakula hurundikana juu yake.

Mgonjwa wa namna hii, akifika Hospitali ya Msambweni, hutakiwa kueleza jambo moja waziwazi: je, kilianza kukwama kigumu peke yake, au pamoja na maji? Saratani ya umio kwa kawaida huzuia kigumu kwanza, kisha maji, nayo huzidi kwa miezi michache. Kwa kuwa saratani yaweza kujifananisha na akalesia, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera ili autazame mlango ule.

Kipimo cha kumeza hufanywa kwa eksirei. Mgonjwa, akiwa amefunga kula, husimama na kunywa bariamu, uji mweupe uonekanao katika picha. Picha hupigwa baada ya dakika 1, 2 na 5. Umio mzima huwa umekwisha kujimwaga. Wa mvuvi yule umetanuka, uji umesimama ndani yake, na chini umechongoka kama mdomo wa ndege. Lakini ugonjwa ukiwa mchanga picha yaweza kuonekana njema. Hapo mpira wa kupima nguvu za misuli ndio hutoa uthibitisho.

Mishipa iliyokufa hairudi. Tiba ni kuulegeza mlango. Waweza kutanuliwa kwa kibofu cha upepo chenye upana wa milimita 30 au zaidi, au msuli ukatwe kwa upasuaji, njia iliyoanzishwa na Heller wa Ujerumani mwaka 1913. Tangu 2008 msuli hukatwa pia kwa kupitia kinywani. Sindano ya kulegeza msuli huwafaa wasioweza kupasuliwa, lakini nguvu yake huisha baada ya miezi.

Kutanua kwaweza kutoboa umio. Maumivu makali ya kifua au homa baada yake yataka kurudi hospitali saa ile ile. Mvuvi akipona, chakula chake kitashuka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo ale ameketi wima, atafune sana, anywe maji, wala asilale mara baada ya kula.