Kanuni ya Mavazi Kazini: Andika Hatari, Usiandike Nguo



Mimi nasaga na kufungasha unga wa lishe na unga wa muhogo hapa Kasulu, na Kibondo nina kituo kidogo cha kuchambua na kufungasha maharage. Wateja wengi wananiona kwenye stetasi ya WhatsApp na video fupi tu, mzigo wanaupokea stendi ya basi. Nina wasaidizi watano. Sasa kwenye video zetu mmoja alikuwa na jezi ya mpira, mwingine koti la baridi, mwingine kitenge cha shambani. Siku moja mteja wa Mwanza akaniandikia: "Dada, hapo ni kiwandani au jikoni kwako?" Iliniuma. Nikaamua tuwe na kanuni ya mavazi.

Nikakosea mwanzo tu. Nilichukua karatasi ya mavazi ya biashara nyingine kabisa, nikabadilisha jina, nikabandika ukutani. Ilisomeka hivi:

"Wafanyakazi wote watavaa suruali nyeusi na fulana ya biashara. Hairuhusiwi kufunika kichwa, kuvaa kanzu wala nguo za kienyeji. Kila mtu aonekane nadhifu na wa kisasa."

Siku hiyohiyo mama mmoja mfungashaji akanifuata pembeni. "Dada, mimi suruali sivai. Kanisani kwetu wanawake hawavai." Kule Kibondo binti mmoja wa Kiislamu hakusema kitu, ila siku ya tatu hakuja. Nikampigia. "Shikamoo dada. Sijaacha kazi. Baba ameisoma ile karatasi, akasema nirudi nyumbani kwanza."

Kilichonifungua macho kabisa kilitokea wiki ileile, kwenye mashine ya kusaga. Kijana wangu alikuwa amevaa suruali nyeusi na fulana ya biashara, kama karatasi ilivyotaka. Fulana ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Akainama karibu na mkanda, ncha ya fulana ikavutwa. Bahati nzuri kitambaa kilichanika, mkono haukufika. Angalia hapo: aliyetimiza kila neno la kanuni ndiye aliyeponea chupuchupu, na waliofukuzwa na kanuni hawakuwa wamehatarisha chochote.

Tangu siku hiyo kila sentensi ya kanuni naipitisha kwenye maswali mawili. Je, mtu anaweza kuitimiza na bado akawa hatarini? Je, mtu anaweza kuivunja huku yuko salama na nadhifu? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, ujue umeandika nguo badala ya kuandika hatari.

Sheria inasemaje

Usidhani haya ni ya makampuni makubwa tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua katika sera au utaratibu wa kazi, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Dini imetajwa humo, na kabila na jinsia pia.

Hilo la "isiyo ya moja kwa moja" ndilo linalotunasa. Mimi sikuandika "Waislamu hawatakiwi" wala "wanawake wa kanisa fulani waondoke". Niliandika "hairuhusiwi kufunika kichwa" na "wote suruali". Maneno yanaonekana ya watu wote, lakini mzigo wake unaangukia watu wa imani fulani. Kifungu hichohicho kinakubali kutofautisha watu pale ambapo kazi yenyewe kwa asili yake inadai hivyo. Kwa hiyo ukiweka sharti, uweze kuonyesha kazi ipi inalidai. "Wateja wanapenda" ni sababu dhaifu. "Mkanda unazunguka hapa" ni sababu.

Anza na eneo, usianze na mtu

Nilichukua daftari nikatembea toka mashineni hadi stendi. Kila nilipofika nilijiuliza nguo inaweza kuleta madhara gani hapo. Nikapata sehemu nne tu.

Ya kwanza ni mashine. Hatari yake ni kitu chochote kinachoning'inia: ncha ya mtandio, kitenge cha kufunga kiunoni, kamba ya koti, fulana pana, rozari, hirizi ya shingoni, hata fundo la aproni. Kwa hiyo sharti si "usivae hijabu". Sharti ni: hakuna kinachoning'inia. Binti mwenye hijabu anavaa ile ya kushonwa, ya kuvuta kichwani, ncha zake zinaingia ndani ya aproni. Mama wa sketi anavaa isiyo pana, inayoishia juu ya kifundo cha mguu, bila kitenge cha kufunga juu yake. Mwenye rozari anaiingiza ndani ya nguo au anaiweka mfukoni. Mwenye rasta anazifunga zote ndani ya kofia.

Lakini hapa usijidanganye. Nguo ni kinga ya pili. Ya kwanza ni mwajiri kuziba mkanda. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea akatengeneza kinga ya wavu wa chuma, matundu yake hayapitishi kidole, inafungwa kwa nati. Na mashine inazimwa kabla mtu hajainama kusafisha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka jukumu la usalama kwa mwajiri, kwa hiyo huwezi kuacha mkanda wazi halafu ukalaumu kitenge.

Ya pili ni chakula. Hatari ni kitu kuangukia kwenye unga: nywele, kucha za bandia, shanga, jiwe la pete. Na pini! Mimi nilikuwa napigana na hijabu, kumbe cha kuogopa ni pini zake. Hijabu ya kushonwa haihitaji pini, na inazuia nywele vizuri tu. Kwa hiyo nikaandika "nywele zote zifunikwe", na hapo hijabu, kilemba, kofia na wavu wa nywele vyote vinakubalika. Kitu nilichokuwa nimekikataza kikawa ndicho ninachokitaka.

Ya tatu ni pikipiki ya kupeleka mizigo. Helmeti haina mbadala. Ila kinachofunikwa ndani yake kiwe chembamba, maana kilemba kinene kinaifanya ikae juujuu. Kipimo ni rahisi: funga mkanda wa kidevuni, shika helmeti, izungushe kidogo. Ngozi ya paji la uso ikisogea pamoja nayo, imekaa. Helmeti ikiteleza peke yake, bado. Na kitenge au baibui likusanywe lisifike kwenye tairi wala mnyororo. Asiyeweza kutimiza hilo kwa sababu ya vazi lake la imani hapelekwi kwenye pikipiki. Anapangiwa kufungasha au kujibu wateja, kwa malipo yaleyale.

Ya nne ni kamera. Hapa hakuna hatari ya mwili, kuna sura ya biashara. Nilichohitaji ni mteja atutambue, na kwa hilo hatuhitaji kufanana toka kichwani hadi miguuni. Aproni moja ya kijani yenye jina la biashara inakaa juu ya kanzu, juu ya sketi, juu ya suruali. Inakaa hata juu ya sweta, maana Kasulu asubuhi za Juni na Julai huwezi kumwambia mtu avae fulana tupu. Asiyetaka uso wake uonekane, tunapiga video ya mikono ikipima unga. Mteja anachotaka kuona ni mizani na unga safi.

Maneno ya kuondoa

Futa "kisasa", "heshima", "nadhifu" na "ya kienyeji" kama umeyaacha peke yake. Kila mtu ana kipimo chake, na msimamizi atatumia cha kwake. Badala ya "nadhifu" andika kinachopimika: aproni imefuliwa, haijachanika, kucha fupi. Futa pia majina ya dini. Ukiandika "Waislamu wanaruhusiwa hijabu", kesho yule mama wa kilemba atauliza yeye yuko wapi. Andika "kifuniko cha kichwa cha aina yoyote", kila mtu anaingia.

Karatasi yetu ya sasa

Niliisoma mbele ya wasaidizi kabla ya kuibandika. Kijana wa mashine ndiye aliyeongeza hilo la fundo la aproni.

"1. Kila mtu kazini atavaa aproni ya biashara iliyofuliwa. Biashara itampa mbili. Chini yake atavaa nguo anayopenda, sketi, suruali, gauni au kanzu, mradi atimize namba 2 hadi 4.

2. Kwenye mashine: hakuna nguo, kamba, mkufu wala nywele zinazoning'inia. Mikono ya nguo ibane. Fundo la aproni liingizwe ndani. Viatu vya kufunika vidole. Sababu: mkanda unaweza kuvuta.

3. Kwenye chakula: nywele zote zifunikwe kwa kifuniko safi cha aina yoyote kisicho na pini. Kucha fupi. Pete za mawe na bangili zivuliwe. Sababu: visiangukie kwenye chakula.

4. Kwenye pikipiki: helmeti iliyokaa na kufungwa, na nguo isiyofika kwenye tairi. Sababu: usalama barabarani.

5. Hakuna atakayelazimishwa kuonyesha uso kwenye video.

6. Mwenye vazi la dini, mila au afya lisiloendana na namba yoyote amwambie mwenye biashara. Watakaa pamoja ndani ya siku 3, watafute njia nyingine au kazi nyingine kwa malipo yaleyale. Makubaliano yaandikwe. Kusema hakutampunguzia mtu kazi."

Namba 6 usiiache. Huwezi kukisia kila vazi, na mtu akijua pa kusemea hatanyamaza akaondoka. Haikutukawiza kuitumia. Mama mmoja ana pete ya ndoa isiyotoka kidoleni. Haina jiwe, kwa hiyo tulikubaliana avae glavu anapofungasha unga, tukaandika, tukasaini.

Yule binti wa Kibondo nilimpelekea nakala kwa basi, nikamwomba ampe baba yake aisome. Jumatatu alikuwa kazini saa moja na nusu, hijabu ya kushonwa, aproni ya kijani juu.