Mwaliko wa mteja mkubwa

SWALI: Msomaji wa Kibaha anayetengeneza chakula cha kuku anazindua mfuko mpya wa kilo 25. Amwandikie nini mfugaji anayenunua kuliko wote?

JIBU: Kadi ile ile wanayopelekewa wateja wote haitamtoa mfugaji bandani. Msomaji aanze na jambo linalomhusu mteja huyo peke yake. Katika maelezo yake limo, ingawa amelitaja kwa kupita tu: mfugaji huyo ndiye aliyelalamika kwamba mfuko wa kilo 50 unawaelemea vijana wake.

Basi aandike hivi: “Shikamoo Mama. Ulituambia mfuko wa kilo 50 ni mzito. Tumetengeneza wa kilo 25, na tungependa uupime kabla hatujaupeleka madukani. Karibu kiwandani kwetu Alhamisi, 14 Mei, saa 4:00 asubuhi (10:00) hadi saa 6:00 mchana. Maegesho yapo ndani; meneja wa mauzo atakupokea getini. Tafadhali tujulishe kufikia Ijumaa, 8 Mei.”

Saa ya kuanza iandikwe kwa namna zote mbili, kwa kuwa kalenda ya simu humwonyesha 10:00, na kuna wageni walioisoma kuwa saa kumi wakafika jioni. Saa ya kumaliza nayo isiachwe, maana mwenye kuku hupanga siku yake kwa ratiba ya kulisha.

Ujumbe utumwe wiki tatu kabla, kisha mwenye kiwanda apige simu mwenyewe. Jibu la “nitajaribu” kwa kawaida ni hapana ya heshima. Hapo amuulize siku inayomfaa, ampelekee mfuko shambani.