Laini mbili, 4G moja: kwa nini sloti ya pili ya simu huwa ya polepole

Chukua mfano wa mhudumu wa afya ya jamii huko Ganze mwenye simu ya laini mbili. Laini ya kwanza ni ile ya M-Pesa, nambari ambayo kila nyumba anayoitembelea inaijua. Ya pili aliinunua baadaye kwa sababu bando zake ni nafuu, na ndiyo anayotumia kutuma ripoti za jioni pamoja na picha. Kila akibonyeza kutuma, duara linazunguka na kuzunguka. Anapanda kilimani kutafuta mtandao, anarudi dukani kubadilishiwa laini kwa kudhani imeharibika, lakini hali ni ile ile. Jirani yake ana laini ya kampuni hiyo hiyo, wameketi kwenye mkeka mmoja, na picha zake zinakwenda mara moja.

Laini haina kasoro na mlingoti wa mtandao hauna kasoro. Tofauti ni sloti. Akitazama juu ya kioo, kando ya alama ya mtandao wa laini ya pili ataona herufi E. Hiyo ni alama ya mtandao wa 2G, wakati jirani anasoma 4G. Kwenye E, kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde ni ya kuridhisha. Picha ya megabaiti 2 ina kilobiti zipatazo 16,000, kwa hivyo itachukua sekunde 160, yaani karibu dakika tatu, na hiyo ni bila kukatika njiani. Kwenye 4G yenye megabiti 5 kwa sekunde, picha hiyo hiyo huchukua sekunde tatu hivi.

Sikio moja, simu mbili

Wengi hudhani kwamba simu ya laini mbili ni simu mbili zilizowekwa ndani ya ganda moja. Sivyo. Simu nyingi za aina hii zina redio moja tu, yaani kifaa kimoja cha kupokea na kurusha mawimbi, ambacho laini zote mbili hukitumia kwa zamu. Kwenye kasha la simu utaratibu huu huandikwa "Dual Standby" au DSDS, maana yake laini zote mbili zinangoja simu, si kwamba zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja.

Zamu hizo zinawezekana kwa sababu kungoja ni kazi nyepesi. Simu ikiwa mfukoni haisikilizi mlingoti muda wote. Mtandao na simu hupatana saa ya kuitana: kwenye 4G, mpangilio unaotumika sana ni kuamka mara moja kila sekunde 1.28, kusikiliza kwa milisekunde chache kama kuna anayepiga, kisha kulala tena. Kwenye 2G pia simu huamka kila sekunde moja au mbili. Katika mapumziko hayo redio ina nafasi tele ya kuhamia mtandao wa laini ya pili, kutega sikio, na kurudi. Mwenye simu haoni chochote. Yeye anaona tu kwamba laini zote mbili ziko hewani.

Kupakua video au kuongea si kungoja. Mtu akizungumza kupitia 4G, kipande cha sauti hutumwa kila milisekunde 20. Redio ikiondoka kwenda kusikiliza laini ya pili, ambako inaweza kuhitaji makumi ya milisekunde ili kupata mawimbi sawasawa, maneno yangekatika. Ndiyo sababu mtu akiwa anaongea na laini ya kwanza, anayempigia kwenye laini ya pili huambiwa mteja hapatikani, ingawa simu iko mkononi na ina chaji. Ndiyo sababu pia WhatsApp ya laini ya kwanza hunyamaza mtu akipokea simu kwenye laini ya pili.

Mbona basi ya pili ikapewa 2G?

Zamu pekee hazielezi kila kitu. Kama kungoja ni kazi nyepesi, laini ya pili ingeweza kungoja kwenye 4G pia. Jibu liko kwenye chipu na kwenye bei.

Mtandao wa 2G hutumia njia nyembamba ya mawimbi, kilohezi 200 tu. Njia ya 3G ni megahezi 5. Ya 4G hufika megahezi 20, na ya 5G katika masafa ya kati hufika megahezi 100. Kadiri njia inavyopanuka ndivyo chipu inavyohitaji hesabu nyingi zaidi, kumbukumbu kubwa zaidi na betri zaidi, hata kwa kusikiliza tu. Tena kila mtandao una lugha yake ya kuzungumza na mlingoti, na programu ya lugha ya 4G ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya 2G. Mtengenezaji wa simu ya bei nafuu alinunua chipu yenye seti moja kamili ya lugha zote kwa ajili ya laini moja, na seti ndogo ya 2G kwa ajili ya nyingine. Kwa hesabu yake, laini ya pili ni ya kupokea simu na meseji, na hayo 2G huyafanya vizuri.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo huzungumzwa mara chache. 4G ilibuniwa kwa ajili ya data. Kupiga simu moja kwa moja juu yake kunahitaji huduma iitwayo VoLTE, na pasipo huduma hiyo simu hushuka kwanza hadi 3G au 2G ndipo kengele ilie. Laini ya pili kuwekwa moja kwa moja kwenye 2G kulimwondolea mtengenezaji usumbufu huo wote. Ilikuwa mwaka 2017 ambapo kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilitangaza chipu ya Helio P23, iliyowezesha laini mbili kukaa kwenye 4G na VoLTE kwa wakati mmoja katika simu za bei ya kati.

5G ilipokuja, hadithi ilijirudia. iPhone 12 zilipoanza kuuzwa Oktoba 2020, mtu akiwasha laini mbili, zote zilishuka hadi 4G. 5G ilipatikana kwa anayetumia laini moja tu. Aprili 2021, programu ya iOS 14.5 iliondoa kizuizi hicho bila mtu kubadilisha simu. Hapo kizuizi kilikuwa kwenye programu. Katika simu ya bei nafuu yenye sloti ya 2G tu, hakuna programu mpya itakayoongeza kisichokuwamo kwenye chipu.

Kuijua simu yako ni ya aina gani

Kwa simu za Android, fungua "Settings", kisha "Network & internet", kisha "SIMs". Kwenye Samsung, pita "Connections" halafu "SIM manager". Gusa laini moja moja na utafute "Preferred network type". Ikiwa orodha ya sloti ya pili inaishia 2G, au haipo kabisa wakati ya sloti ya kwanza ipo, huenda hiyo ni simu ya aina ya kale.

Jaribio la hakika ni hili: kwenye ukurasa huo huo, hamisha "Mobile data" kwenda laini ya pili, subiri nusu dakika, na utazame alama zilizo juu ya kioo. Yakitokea mabadilishano, laini ya pili ikapanda hadi 4G na ya kwanza ikashuka, simu ina seti moja kamili ambayo huhama kwa amri ya programu. Hapo huna haja ya kugusa kadi. Anayetumia bando la laini ya pili ahamishe data huko, basi. Zote zikibaki 4G, simu ni ya kisasa zaidi, ingawa data bado itapita kwenye laini moja kwa wakati mmoja. Laini ya pili ikibaki kwenye E au G hata baada ya kupewa data, mahali pale pale ambapo laini hiyo hupata 4G ikiwa sloti ya kwanza, sloti hiyo ni ya 2G na itabaki hivyo.

Hii ya mwisho ndiyo hali ya mhudumu wa Ganze. Dawa yake ni kuzima simu na kubadilishana kadi: laini ya bando iingie sloti ya kwanza, ya M-Pesa iende ya pili. Wengi husita hapa kwa kuhofia pesa zao. Pesa zimefungwa kwenye nambari, si kwenye sloti, na menyu ya M-Pesa iliyo kwenye laini hufanya kazi kwenye 2G kama kawaida. WhatsApp nayo hubaki na nambari ile ile.

Laini ya Faiba ni habari tofauti. Mtandao wake wa simu za mkononi, uliozinduliwa mwaka 2017, ni wa 4G bila 2G wala 3G. Ikiwekwa kwenye sloti ya 2G haitakuwa ya polepole. Haitaonyesha mtandao kabisa, na mwenyewe atadhani ameuziwa laini mbovu.

Anayepigiwa akiwa kwenye laini nyingine

Kubadilishana kadi kunarudisha kasi, lakini hakuondoi tatizo la redio moja. Mhudumu akiongea kwa nusu saa kwenye laini ya bando, mama mjamzito anayempiga kwenye nambari inayojulikana ataambiwa hapatikani. Hapa kuna njia isiyohitaji intaneti. Simu zinazoshindwa kuingia laini moja zinaweza kuhamishiwa nyingine. Akitumia laini ya M-Pesa, mhudumu apige msimbo huu, akiweka nambari ya laini ya bando mahali pa neno NAMBARI:

```
**62*NAMBARI#
```

Kisha kwenye laini ya bando awashe huduma ya kungojesha simu kwa kupiga:

```
*43#
```

Tangu hapo, mama akipiga nambari ya M-Pesa wakati mhudumu yuko kwenye laini ya bando, simu itahamia huko na mhudumu atasikia mlio wa mtu wa pili anayengoja. Kwa kawaida gharama ya kuhamisha hukatwa kwenye salio la laini inayohamisha, kwa hivyo laini ya M-Pesa isikae bila salio la kupigia. Kufuta ni `##62#`. Msimbo usipokubali, mhudumu wa wateja wa kampuni ya simu anaweza kuiwasha huduma hiyo.

Na kwa anayekwenda kununua simu, maandishi "4G" makubwa kwenye kasha hayasemi lolote kuhusu sloti ya pili. Nenda dukani na laini zako mbili, ziweke zote kabla ya kulipa, hamisha data kutoka moja hadi nyingine, na usome alama juu ya kioo kila mara.